Nguzo fupi inayobanwa juu huku inasukumwa pembeni: jinsi ya kukagua mkazo kwenye nyuzi za ukingoni

Watu wengi wakipewa nguzo fupi wanakimbilia kugawa mzigo kwa eneo, wanapata namba ndogo, wanasema iko poa, basi. Shida ni kwamba nguzo ikipata na msukumo wa pembeni, hata mdogo tu, ile namba ya mzigo gawa kwa eneo inakuwa nusu ya habari, na kwa nguzo ya matofali au zege lisilo na nondo hiyo nusu iliyobaki ndo yenye hatari. Nitafanya mfano mmoja mpaka mwisho, nguzo moja tu, alafu tutaona kwamba siku mzigo wa juu unapopungua ndo nguzo inapoumia zaidi.

Mfano wenyewe ni huu. Nguzo ya matofali, mkato wake ni mraba wa 400 mm kwa 400 mm, imesimama 1.2 m juu ya msingi, ni moja kati ya nguzo zinazobeba jukwaa la tangi la maji. Jukwaa limekaa tu juu ya nguzo, halijashikana nazo kiasi cha kuzizuia zisiegemee, kwa hiyo kila nguzo inafanya kazi kama mti uliochomekwa chini na uko huru juu. Tangi likijaa nguzo yetu inapata mzigo wa wima P = 60 kN. Upepo ukipiga tangi, nguzo hii inapata msukumo wa mlalo H = 3 kN pale juu kabisa. Tangi likiwa tupu P inashuka mpaka 24 kN. Hizo P mbili chukulia ni za nguzo iliyo upande upepo unakotokea, na zimeshapunguzwa kile ambacho upepo unakinyanyua kwa kutaka kupindua tangi zima, kwa sababu hicho ni kitu cha kweli na lazima ukitoe mapema kabla hujaanza hesabu za nguzo yenyewe.

Hatua ya 1: hakikisha kweli ni fupi

Neno fupi hapa halimaanishi urefu wa macho, linamaanisha nguzo haipindi kiasi cha kufanya mzigo wa wima uanze kuzalisha momenti yake yenyewe, yaani nguvu ya kuipinda nguzo. Nguzo iliyo huru juu urefu wake wa kuhesabia ni mara mbili ya urefu halisi, yaani 2.4 m, ukigawa kwa unene wa 0.4 m unapata 6, hiyo ni ndogo, nguzo ni nene.

Kama unataka kujiridhisha zaidi kokotoa inasogea kiasi gani pale juu:

```
d = H L^3 / (3 E I)
I = 400^4 / 12 = 2.133e9 mm^4
```

L ni urefu wa nguzo, E ni ugumu wa kitu chenyewe kisinyumbuke, na I ni uwezo wa umbo la mkato kupinga kupinda. Nikichukua E ya 5,000 N/mm² kwa ukuta wa matofali napata d kama 0.16 mm. Mzidishe P wa 60,000 N kwa 0.16 mm unapata kama 9,700 N·mm, wakati momenti ya upepo, tutaiona sasa hivi, ni 3,600,000 N·mm. Ni chini ya asilimia 0.3, kwa hiyo tunaiacha kwa amani kabisa. Ikitokea kwako hiyo momenti ya ziada imefika asilimia 5 au 10 ya ile ya kwanza basi nguzo yako sio fupi tena na hesabu za hapa chini zitakudanganya.

Hatua ya 2: tafuta mkato mbaya zaidi

Kwa nguzo iliyochomekwa chini na kusukumwa juu, momenti ni sifuri pale juu na inakua kadiri unavyoshuka, kwa hiyo mkato wa kukagua ni pale chini nguzo inapokutana na msingi. Na hapo kwa bahati mbaya ndo kuna jointi ya kwanza ya mota, sehemu ambayo haishiki vizuri ikivutwa.

```
M = H x L = 3,000 x 1,200 = 3,600,000 N·mm
```

Uzito wa nguzo yenyewe nao unafika pale chini. Matofali ni kama 19 kN kwa mita ya ujazo, kwa nguzo yetu inakuja 3.65 kN hivi. Kwa sasa nauacha pembeni ili namba zibaki safi, nitaurudisha mwishoni pale utakapokuwa na maana.

Hatua ya 3: mikazo miwili, kisha ijumlishe kwa alama zake

Mzigo wa wima unabana mkato wote sawasawa. Momenti inabana upande mmoja na kuvuta upande wa pili, na inafanya hivyo kwa nguvu zaidi kadiri unavyotoka katikati kwenda ukingoni, ndo maana tunakagua nyuzi za ukingoni kabisa, hapo ndo kilele kilipo. Nyuzi hapa ni ile picha ya kwamba nguzo imetengenezwa kwa nyuzi nyembamba za wima zilizobanana, kila moja inabeba sehemu yake. Hapa chini A ni eneo la mkato, b na h ni upana na unene wake, na Z ni kipimo cha mkato kinachogeuza momenti kuwa mkazo wa ukingoni.

```
A = 400 x 400 = 160,000 mm^2
Z = b h^2 / 6 = 400 x 400^2 / 6 = 10,667,000 mm^3

P/A = 60,000 / 160,000 = 0.375 N/mm^2
M/Z = 3,600,000 / 10,667,000 = 0.3375 N/mm^2
```

Naweka mgandamizo kuwa hasi na mvutano kuwa chanya. Wewe unaweza kufanya kinyume, ila chagua moja na uiandike juu ya karatasi kabla hujaanza, kwa sababu makosa mengi niliyowahi kuyaona kwenye hesabu hizi (na niliyowahi kuyafanya mimi) sio ya kuzidisha, ni ya mtu kubadilisha alama katikati ya safari.

```
ukingo ambako upepo unaelekea: -0.375 - 0.3375 = -0.7125
ukingo ambako upepo unatokea:  -0.375 + 0.3375 = -0.0375
```

Sasa ziangalie hizo namba mbili taratibu. Upande mmoja umebanwa karibu mara mbili ya wastani. Upande wa pili bado umebanwa, lakini kwa 0.0375 tu, yaani umebakiza sehemu moja ya kumi ya ule mgandamizo wa mwanzo. Tuseme injinia amekupa kikomo cha mgandamizo cha 1.5 N/mm² kwa hayo matofali na mota yake. Ukiangalia mgandamizo peke yake nguzo inatumia chini ya nusu ya uwezo wake, unaweza kulala usingizi. Ukiangalia ule ukingo mwingine unaona kabisa kwamba kimebaki kidogo sana jointi ianze kufunguka, kwa hiyo ukikagua upande uliobanwa tu bado hujakagua nguzo.

Hatua ya 4: njia ya mkato ya kujua kama kuna mvutano

Gawa momenti kwa mzigo wa wima, unapata umbali, ni kama vile mzigo umehamishwa kutoka katikati ya nguzo kwenda pembeni kwa huo umbali.

```
e = M / P = 3,600,000 / 60,000 = 60 mm
h / 6 = 400 / 6 = 66.7 mm
```

Kwa mkato wa mstatili, e ikiwa ndani ya sehemu moja ya sita ya unene kutoka katikati, mkato wote uko kwenye mgandamizo. Ikivuka, ukingo mmoja unaanza kuvutwa. Hii ndo ile kanuni ya theluthi ya katikati, kwa sababu sita moja huku na sita moja kule inafanya theluthi. Sisi tuna 60 dhidi ya 66.7, tumepona kwa milimita kama 7. Na hapa fikiria fundi amekalisha boriti ya jukwaa 20 mm nje ya katikati ya nguzo kuelekea upande unaobanwa, kitu kinachotokea kila siku bila mtu kugundua. e inakuwa 80 mm, ukingo ule unakuwa na mvutano wa 0.075 N/mm². Kwa hiyo mimi kwenye kila nguzo ya aina hii nawekaga kosa la kukalisha mzigo kuanzia mwanzo, silisubiri litokee.

Kuna kitu kingine kinasahaulika sana, mwelekeo wa upepo. Tumeusukuma upepo ukiwa sambamba na upande wa mraba. Upepo haujali pande zetu, ukija kwa mshazari wa digrii 45 momenti inagawanyika pande mbili, kila moja inapata 0.707 ya ile nzima, lakini kwenye kona moja zote mbili zinakutana na kujumlishwa.

```
kona: 2 x 0.707 x 0.3375 = 0.477
-0.375 + 0.477 = +0.102 N/mm^2
```

Upepo uleule, nguzo ileile, mzigo uleule wa tangi lililojaa, na kona inavutwa. Kwa mraba, ule umbali salama ukipimwa kwenye mshazari ni 47 mm tu badala ya 66.7, kwa hiyo 60 yetu imeshatoka nje. Ukikagua nguzo ya mraba nyuzi ya mwisho ya kweli ipo kwenye kona, sio katikati ya upande.

Hatua ya 5: punguza mzigo, uone

Hapa ndo pa kutulia. Tangi likiwa tupu P ni 24 kN, upepo ni uleule 3 kN kwa sababu upepo unapiga ukubwa wa tangi, haujui ndani kuna maji au hakuna. Turudi kwenye upepo ulionyooka.

```
P/A = 24,000 / 160,000 = 0.15
M/Z = 0.3375

-0.15 - 0.3375 = -0.4875
-0.15 + 0.3375 = +0.1875
e = 3,600,000 / 24,000 = 150 mm
```

Mtu akisoma haraka anasema mgandamizo umeshuka kutoka 0.7125 mpaka 0.4875, mambo ni mazuri zaidi. Hapana. Ile fomula ya kujumlisha P/A na M/Z inafanya kazi kwa sharti kwamba mkato mzima unashiriki, pamoja na ule upande unaovutwa. Kama jointi ya mota haiwezi kuvutwa kwa 0.1875, na kwa matofali ya kawaida hatutakiwi kuitegemea hata kama siku ya kwanza ingeweza, basi jointi inafunguka kuanzia ule ukingo, sehemu iliyofunguka haibebi kitu, na mzigo wote unahamia kwenye kipande kilichobaki.

Kipande kilichobaki kinapatikana hivi. Nguvu ya wima iko umbali wa e kutoka katikati, kwa hiyo iko 200 toa 150, yaani 50 mm kutoka ukingo uliobanwa. Mkazo kwenye kipande kinachogusana una umbo la pembetatu, kileleni ukingoni na sifuri pale ufa unapoishia, na kitovu cha pembetatu kiko theluthi moja kutoka kwenye upande wenye kilele. Kwa hiyo urefu wa kipande ni mara tatu ya 50.

```
x = 3 (h/2 - e) = 3 x 50 = 150 mm
mkazo wa kilele = 2P / (b x) = 48,000 / (400 x 150) = 0.80 N/mm^2
```

Soma tena hiyo 0.80. Tangi limejaa kilele kilikuwa 0.7125. Tangi ni tupu, mzigo umepungua kwa zaidi ya nusu, na kilele kimepanda. Sababu ni kwamba kwenye 400 mm za unene ni 150 tu zinazobeba, 250 mm zimefunguka na ziko hewani. Fomula ya kawaida ingekupa 0.4875, makosa karibu asilimia 40 kwenda upande wa hatari. Ndo maana kila mara nguzo isiyo na nondo ikagulie kwa jozi mbili, mzigo mkubwa wa wima na upepo mkubwa, kisha mzigo mdogo kabisa wa wima na upepo mkubwa. Ile ya pili ndo watu wanairuka.

Kwenye nguzo halisi utajua vipi kama hili linatokea? Ufa wa mlalo, umenyooka kufuata jointi, chini kabisa au kozi ya kwanza ya matofali, upande ambako upepo mkali hutokea, na mara nyingi unajifunga upepo ukitulia hadi huuoni. Pitisha karatasi nyembamba ndani yake, au angalia kama plasta imekatika mstari mmoja kwenye uso huo huku uso wa pili ikiwa imemomonyoka vipande vidogo vidogo ukingoni. Ufa wa wima ni habari nyingine, huo unatokana na kubanwa kupita kiasi au boriti kukalia sehemu ndogo, usiuchanganye na huu.

Hatua ya 6: weka vizidishi vya usalama mahali pake

Mpaka hapa tumetumia mizigo halisi bila kuizidisha. Kuna tabia ya kuchukua kila mzigo na kuuzidisha kwa namba moja, mfano 1.4, alafu kulinganisha. Kwa hesabu yetu hiyo ni hatari kimyakimya, kwa sababu M inazidishwa na P inazidishwa, e inabaki 150 ileile, unadhani umeongeza usalama dhidi ya kupinduka wakati hujaongeza chochote. Mzigo wa wima hapa unasaidia nguzo isifunguke, na kitu kinachokusaidia hutakiwi kukikuza, unatakiwa ukipunguze.

Viwango vya Ulaya kwa mfano, pale unapokagua kupinduka, vinazidisha upepo kwa 1.5 na uzito wa kudumu unaosaidia kwa 0.9. Tuitumie kwa tangi tupu, na kwa kurahisisha nachukulia P yote kama uzito wa kudumu, ingawa kile upepo unachonyanyua kilichotolewa ndani yake kilitakiwa nacho kizidishwe kwa 1.5:

```
M = 1.5 x 3.6 = 5.4 kN·m
P = 0.9 x 24 = 21.6 kN
e = 5.4 / 21.6 = 0.25 m = 250 mm
```

Nusu ya unene wa nguzo ni 200 mm. Nguvu imetoka nje kabisa ya nguzo, hakuna kipande cha kugusana kinachoweza kuibeba, ile x inatoka hasi, maana yake nguzo inalala. Turudishe sasa uzito wa nguzo yenyewe, 3.65 kN, tuone kama unatuokoa: P inakuwa 0.9 × 27.65 = 24.9 kN, e inakuwa 217 mm. Bado nje. Na hii ni nguzo ambayo kwa mzigo gawa kwa eneo ilionekana imetulia kuliko zote, ikiwa na 0.15 N/mm² tu.

Hatua ya 7: kurekebisha

Wazo la kwanza huwa ni kuinenepesha nguzo. Jaribu: ili hata kwa mizigo isiyozidishwa tangi tupu lisilete mvutano unahitaji h ya angalau mara sita ya 150, yaani 900 mm, ukiacha uzito wa nguzo yenyewe, na hata ukiuhesabu bado unahitaji kama 650 mm. Hiyo sio nguzo tena. Kuweka matofali yenye nguvu zaidi au mota kali nako hakugusi tatizo, kwa sababu kinachogoma ni uwiano wa M kwa P, sio uwezo wa tofali kubanwa.

Kinachofanya kazi ni kupunguza momenti au kuipa nguzo kitu cha kubeba mvutano. Kupunguza momenti, unaweza kuzifunga nguzo kwa mihimili ya mshazari ili msukumo ushuke kwa njia hiyo badala ya kupitia kupinda kwa nguzo, au kama maji yanaruhusu unashusha jukwaa. Kwa urefu wa 600 mm, tangi tupu na vizidishi vilevile, momenti inakuwa 2.7 kN·m, e inakuwa 125 mm, x inakuwa 225 mm na mkazo wa kilele ni 0.48 N/mm². Nguzo imefunguka kidogo chini ya hali mbaya hiyo iliyokuzwa lakini inasimama, zaidi ya nusu ya mkato inagusana. Hapo bado rudia ile ya mshazari na ile 20 mm ya boriti kukaa vibaya kabla hujasema imepita.

Njia ya pili ni kuacha tundu katikati au pembeni mwa nguzo, kupitisha nondo zilizotokea ndani ya msingi, na kujaza zege. Hapo mvutano una pa kwenda, lakini nguzo inabidi ihesabiwe upya kama zege lenye nondo, na nondo lazima ziwe zimeshikwa kwenye msingi kwa urefu wa kutosha. Nondo iliyochomekwa kwenye nguzo tu na kuishia kwenye jointi ya chini haisaidii kitu, kwa sababu jointi ile ile ya chini ndo inayofunguka. Na ukishaifunga nguzo kwenye msingi, ile momenti ya 5.4 kN·m haijapotea, imehamia kwenye msingi, kwa hiyo hesabu ileile ya e na theluthi ya katikati unaifanya tena chini ya msingi, safari hii ukiwa na uzito wa zege la msingi na udongo ulio juu yake upande wako.